Kiuno kinachouma dakika ya 65

 Siku hizi naona wengi wetu, wahitimu na wanafunzi wa Bibokoboko, tulio Baraka, Uvira na mbali zaidi, tunakimbia. Na kila tukikutana, baada ya salamu, mmoja lazima aseme: "Mbio ni nzuri, bana, lakini hiki kiuno!" Mimi nami nilikuwa hivyo kwa mwaka mzima, ndiyo maana leo naandika juu yake.

Nilianza kukimbia nikiwa mwanafunzi Uvira. Jumapili asubuhi nilikuwa nachukua njia ya kando ya ziwa, kilomita 16 mpaka 18, pahali tambarare. Saa nzima ya kwanza nakimbia bila taabu. Ikifika dakika ya 65 hivi, kiuno kinaanza. Si maumivu ya kuchoma. Ni uzito, kama mtu ameweka mawe mawili pande zote za uti wa mgongo, juu kidogo ya makalio. Nikisimama na kuinama, mikono kwenye magoti, kinapoa. Nikianza tena, dakika tano tu kimerudi. Nikija likizo na kukimbia kwenye vilima vya kwetu, hakingojei hata dakika ya 65. Dakika ya 40 kimefika.

Nilifuata mashauri yote ya wenzangu: mkanda wa kiuno, kulala kwenye godoro gumu, kumeza diklofenaki kabla ya kuondoka. Mwisho nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule sisi tunaita kine. Nilidhani atanilaza na kunikanda. Kumbe aliuliza swali moja tu.

"Mdogo wangu, hicho kiuno kinaanza dakika ya ngapi?"

"Sijui sawasawa, mkubwa. Katikati ya mbio."

"Basi nenda ukimbie mara tatu, uandike dakika. Halafu mpe rafiki simu, akupige video kutoka ubavuni, dakika ya 10 na dakika ya 70."

Nikaandika: 66, 64, 65. Maumivu yangu yalikuwa na saa. Kine akasema hiyo ni habari nzuri, juu maumivu yanayokuja karibu dakika ileile, yakapungua ukisimama, na kesho yake yakawa yameisha, mara nyingi ni ya misuli iliyochoka.

Video ndiyo ilinionyesha uchovu huo una sura gani. Dakika ya 10 nilikuwa mtu mzuri tu: mwili umeegemea mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, mguu unatua karibu chini ya nyonga, hatua 164 kwa dakika. Dakika ya 70, huyo ni mtu mwingine. Tumbo limetoka mbele, makalio yamebaki nyuma, kiuno kimepinda kama upinde. Mguu unatua mbali mbele ya mwili, kisigino kikipiga chini kama breki. Hatua zimeshuka mpaka 154. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijasikia mabadiliko yoyote.

Kazi ya kusukuma mwili mbele ni ya misuli mikubwa ya makalio. Kazi ya kuzuia nyonga zisiyumbe kila unaposimama kwa mguu mmoja ni ya misuli ya pembeni ya makalio pamoja na ya tumbo. Hiyo ikichoka, haiachi nafasi wazi. Misuli mirefu ya mgongo, ile inayopanda pande mbili za uti wa mgongo, inachukua kazi isiyo yake, na inaichukua kwa kujikaza bila kuachia. Jaribu kushika kidumu cha maji mkono ukiwa umenyooka mbele. Uzito ni uleule, lakini baada ya dakika moja bega linaungua, kwa sababu msuli uliokazwa muda wote haupati damu ya kutosha. Kiuno cha dakika ya 65 ni bega hilo.

Ndiyo sababu vilima vinaleta maumivu mapema. Ukipanda kutoka Baraka kuelekea kwetu, kosa la kawaida ni kuinama kwenye kiuno, macho yakitazama vidole vya miguu. Hapo kifua na kichwa chote vinaning'inia mbele, na misuli ya mgongo ndiyo kamba inayovishika. Kuteremka ni kinyume chake: unaogopa kuanguka, unarudisha mabega nyuma, unatupa mguu mbele kufunga breki, na kila hatua inakunja kiuno nyuma. Anayepanda na kuteremka katika mbio moja anakichosha kiuno pande zote mbili.

Na haya hayawapati wanafunzi peke yao. Tarehe 10 Agosti 2024, kwenye maratoni ya Olimpiki ya Paris, Eliud Kipchoge wa Kenya aliyekuwa ameshinda Rio 2016 na Sapporo 2021 aliacha mbio baada ya kilomita ya 30. Alisema mgongo ulianza kumuuma karibu kilomita ya 20. Njia ile ya Paris ilikuwa na zaidi ya mita 400 za kupanda kwa jumla, tofauti kabisa na njia tambarare za Berlin alikoweka rekodi. Siwezi kusema kilichokuwa ndani ya mgongo wake, mimi si muganga wake. Ninachotazama ni kwamba alisimama.

Mimi sikuwa nasimama, na hapo ndipo diklofenaki iliniharibia. Ukimeza dawa ya maumivu kabla ya mbio, misuli inachoka vilevile, ila saa yako umeivunja. Hujui tena dakika. Tena dawa za aina hiyo, ibuprofeni pia, zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu anayetoka jasho saa nzima bila maji anazibana figo mara mbili.

Kuhusu kukaa, nitasema kidogo. Benchi la darasani au kiti cha ofisini havivunji mgongo. Lakini ukikaa saa sita halafu ukasimama na kukimbia papo hapo, mbele ya nyonga panakuwa pamekaza, mguu haurudi nyuma vizuri, na kiuno kinapinda ili kuusaidia. Tembea dakika kumi kwanza. Inatosha.

Mpango alionipa kine ulikuwa rahisi kiasi kwamba nilitaka kuudharau. Mbio ndefu zishuke mpaka dakika 50, yaani mbali na mlango wa maumivu, kwa wiki mbili. Halafu niongeze dakika 5 kila wiki. Kila dakika 15 nitembee dakika moja, si kwa kupumzisha mapafu, bali misuli ya mgongo iachie kidogo. Hatua ziwe fupi: kama nilikuwa nashuka mpaka 154, nirudi kwenye 164 kwa kupunguza urefu wa hatua, si kwa kuongeza mbio. Wakati wa kupanda, macho mita kumi mbele na kifua kikae juu ya nyonga. Wakati wa kuteremka, hatua ndogondogo za haraka, bila kulala nyuma.

Siku tatu kwa wiki, mazoezi matatu. La kwanza, nalala ubavu, naegemea kiwiko, nainua nyonga mpaka mwili unyooke. La pili, napiga magoti na mikono chini, nanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha nabadili, bila kiuno kuyumba. Haya mawili yamesambazwa sana na Stuart McGill, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. La tatu, nalala chali, mguu mmoja umekunjwa, nainua makalio kwa mguu huo peke yake. Kila moja nashika sekunde 10, mara 6 kila upande. Mara ya kwanza zoezi la ubavuni, mimi niliyekuwa nakimbia kilomita 18, nilitetemeka sekunde ya saba.

Wiki ya nane nilikimbia dakika 80. Kiuno kilianza dakika ya 78. Ile dakika ilikuwa imesogea, na kusogea huko ndiko kine alikokuwa anakutafuta. Kama baada ya wiki sita mpaka nane za kazi hiyo ya kweli dakika isingesogea hata kidogo, angenituma kwa daktari.

Sasa wale ambao maumivu yao hayana saa. Nina rafiki tuliyekulia pamoja huko juu, nyumba ya ng'ombe, maziwa mabichi kila asubuhi tangu utoto. Tulikuwa tunakimbia wote, naye akasema kiuno kinamuuma. Nikamgawia mazoezi yangu kama daktari! Lakini chake kilikuwa kinauma usiku, amelala. Hakikupoa alipoacha kukimbia wiki mbili. Jioni homa kidogo, usiku jasho la kulowesha shuka, na suruali zinamlegea. Wiki nyingi zikapita tukiita uchovu. Kipimo cha damu kikaonyesha bruselozi, ugonjwa wa mifugo unaopita kwenye maziwa yasiyochemshwa na unaopenda kukaa kwenye viungo vya chini ya mgongo. Alitibiwa kwa antibiotiki mbili kwa wiki nyingi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huanza hivyohivyo, polepole, bila hata kikohozi, na kikiachwa kinakula pingili. Kwetu sisi, kiuno pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda ni cha kupimwa wiki hiyohiyo.

Kuna mfupa uliochoka pia. Unaweza kuujua hivi: maumivu yako upande mmoja, pahali unapoweza kuweka kidole, na kila mbio yanakuja mapema kuliko jana mpaka hata kutembea kunauma. Simama kwa mguu mmoja na urudi nyuma kidogo. Yakichoma palepale, acha kukimbia ukaonane na daktari. Dada zetu ambao hedhi imepotea juu ya kukimbia sana na kula kidogo wawe waangalifu zaidi. Na usifurahi haraka radio ikisema mfupa ni mzima, kwa sababu ufa mdogo mara nyingi hauonekani kwenye radio wiki za kwanza. Daktari ndiye ataamua kama unahitaji kipimo kingine.

Maumivu yakishuka chini ya goti pamoja na ganzi, nenda ndani ya siku chache. Mguu ukianza kukosa nguvu, vidole vinaburuta na huwezi kusimama kwa kisigino, usingoje hata kesho. Halafu kuna hali moja ya leoleo, hata kama ni usiku na hospitali ni mbali: ganzi kati ya mapaja, pale unapokalia baiskeli, au mkojo umekataa kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua. Hapo mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na saa zinazopita zinaweza kuamua kama utapona kabisa au la.

Rafiki yangu alirudi kukimbia baada ya miezi mitano. Nyumbani kwao maziwa sasa yanachemshwa, ingawa mzee bado analalamika kwamba yamepoteza ladha.