Taa Iliyozimwa Inapoendelea Kung'aa

Swichi imezimwa, chumba ni giza, lakini ukitazama darini balbu ya LED bado ina mwanga hafifu. Katika nyumba nyingine balbu haing'ai mfululizo: inameta mara moja, inatulia sekunde kadhaa, inameta tena, na inaendelea hivyo usiku kucha. Mafundi umeme wa Same mjini na wa vijiji vya milimani wameshazoea kuitwa kwa ajili hiyo, na swali la kwanza la mwenye nyumba huwa moja: "Fundi, hii si inanimalizia LUKU?"

Haimalizii. Mwanga huo hutumia sehemu ndogo tu ya wati moja. Ukichukua wati 0.02 ukaiacha usiku na mchana mwaka mzima, hufikishi hata robo ya uniti. Cha kuuliza ni umeme huo unapitia wapi, maana njia nyingine hazina neno, na nyingine zinaweza kumrusha mtu aliyepanda ngazi kubadilisha balbu.

Wengi hawafiki kwenye swali hilo. Wanarudisha balbu dukani, wanapewa ya kampuni nyingine, giza linarudi, wanaamini ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Huenda ilikuwa ya bei rahisi kweli, lakini umeme uliokuwa ukiiwasha bado upo kwenye waya. Balbu mpya imeumeza tu.

Balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60, ilihitaji takriban miliampia 260 ili iwake. Ukiipitishia sehemu ya elfu moja ya hapo, haipati hata joto. Vidonge vya LED havina subira hiyo: chini ya miliampia moja tayari vinatoa mwanga ambao jicho lililozoea giza linauona. Kwa hiyo nyumba iliyofungwa nyaya miaka 20 iliyopita inaweza kuwa ilivujisha umeme kidogo siku zote bila mtu kujua, mpaka siku balbu za LED zilipopachikwa.

Iwapo itang'aa au itameta, hilo huamuliwa na draiva, yaani kile kibao kidogo kilichofichwa kwenye kitako cha balbu. Katika balbu nyingi za bei ya chini, draiva ni sehemu chache tu zinazogeuza umeme na kuupunguza, na chochote kinachoingia hufika kwenye vidonge. Hapo unapata mwanga hafifu usiokatika. Draiva iliyo kamili zaidi ina kapasita ya kuhifadhi umeme na chipu inayosubiri volti zipande hadi kiwango fulani ndipo ianze kazi. Umeme unaovuja huijaza kapasita polepole, chipu inaamka, balbu inameta, kapasita inaisha, na kazi inaanza upya. Watengenezaji wengine huongeza rezista inayokula umeme huo mdogo kabla haujafika popote, na balbu za namna hiyo ndizo zinazoonekana "nzima". (Balbu inayofifia taratibu na kuzima kabisa ndani ya dakika moja au mbili haimo kwenye mjadala huu. Hayo ni mabaki tu: umeme uliobaki kwenye kapasita na ile rangi ya njano iliyopakwa juu ya vidonge.)

Chukua nyumba ya Suji iliyojengwa kwenye mteremko, na banda la ng'ombe mita 30 chini yake. Mwenye nyumba anataka kuwasha taa ya banda akiwa mlangoni na kuizima akiwa bandani, kwa hiyo fundi anafunga swichi mbili za tuwei. Kati ya swichi hizo zinapita nyaya mbili zilizolala pamoja kwenye bomba moja kwa mita zote 30. Taa ikiwa imezimwa, waya mmoja kati ya hizo mbili una volti 230, na mwenzake hauna kitu isipokuwa umeunganishwa na balbu. Nyaya hazigusani, plastiki yake ni nzima. Lakini nyaya mbili zilizolala sambamba, katikati yake plastiki, tayari ni kapasita, na umeme wetu unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde hupenya kwenye kapasita.

Nyaya za kawaida za nyumbani zina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwa mita 30 ni pikofaradi 3,000. Kwa volti 230, hiyo hupitisha takriban miliampia 0.2, ambayo haitoshi kumdhuru mtu ila inatosha kuiwasha balbu ya LED kwa mwanga wa kuona ng'ombe amelala upande gani. Hakuna aliyekosea hapo. Hata ukibadilisha nyaya zote kwa mpya, mwanga utabaki.

Dawa yake ni rahisi na haifungwi kwenye swichi bali kwenye balbu: kapasita ya mikrofaradi 0.1 inaunganishwa sambamba na balbu, kati ya waya wa moto unaotoka kwenye swichi na nyutro. Iwe ni aina iliyoandikwa X2, ya volti 275, iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumbani muda wote. Kapasita iliyonyofolewa kwenye redio mbovu isitumike. Kwa kuwa ni kubwa zaidi ya mara 30 kuliko ile "kapasita" ya nyaya, umeme unaovuja unaipitia yenyewe badala ya balbu, na volti kwenye balbu zinashuka hadi 7 hivi. Kwa volti hizo LED haifurukuti. Kama taa ina balbu kadhaa kwenye kishikio kimoja, balbu moja ya zamani ya waya ikiwekwa pamoja nazo inafanya kazi ileile, mradi bado uipate dukani.

Ndugu wa karibu wa kisa hiki ni swichi yenye kitaa chekundu cha kukuonyesha ilipo gizani. Kitaa hicho hakina nyutro yake. Kinapata umeme kwa kuupitisha kwenye balbu yenyewe. Ukitaka giza, kikate hicho kitaa.

Sasa tuje kwenye kisa kinachonitia wasiwasi. Swichi inatakiwa kukata waya wa moto. Fundi akichanganya nyaya na kupitisha nyutro kwenye swichi, taa itawaka na kuzima bila kasoro, na hakuna atakayejua. Ila ikizimwa, balbu inabaki imeunganishwa na waya wa moto saa zote, na umeme kidogo unatoroka kupitia bati la alumini lililo ndani ya balbu na kupitia waya wa nyutro uliokatwa, unaolala ukutani jirani na nyaya nyingine. Mwanga wake ni uleule wa banda la Suji. Tofauti ni kwamba hapa kishikio cha balbu kina volti 230 wakati wewe umezima swichi na unaamini kuko salama.

Kuchanganya nyaya si vigumu. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Nyaya za siku hizi ni kahawia na bluu. Nyumba iliyoongezwa vyumba kidogo kidogo, kama zilivyo nyingi za Upare, inaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya dari moja.

Testa peke yake inaweza kumdanganya fundi, kwa sababu kitaa chake huwaka hata kwa ule umeme mdogo wa kupenya. Njia ya kuhakikisha ni hii. Fundi anatoa balbu kwenye kishikio, anazima swichi, anafungua swichi na kugusa ncha zake zote mbili. Kama swichi imefungwa ipasavyo, ncha moja itawasha testa kwa nguvu, kwa maana waya wa moto unafika hapo. Kama nyutro ndiyo iliyoletwa kwenye swichi, hakuna ncha itakayowaka vizuri: upande mmoja ni nyutro, na upande wa pili ulikuwa ukipata umeme kupitia balbu, ambayo sasa haipo. Kipimo hiki ni kwa swichi ya kawaida. Kwenye tuwei, swichi zote mbili zifunguliwe na nyaya zifuatwe moja moja.

Mwenye nyumba asifungue chochote, lakini kuna jambo moja anaweza kulichunguza kabla ya kupiga simu. Azime taa zote usiku na kuhesabu zinazong'aa. Ikiwa ni moja, shaka iwe kwenye swichi ya taa hiyo. Ikiwa karibu zote zinang'aa, huenda moto na nyutro vimebadilishana kabla ya kugawanywa vyumbani, kwenye swichi kuu au huko umeme unakoingilia. Kazi ya ndani ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Ya kuanzia mita kwenda kwenye nguzo ni ya TANESCO.

Dima nitazipitia haraka, kwa kuwa majumbani ni chache. Utazikuta kwenye kumbi na nyumba za wageni kando ya barabara kuu ya Arusha. Dima nyingi zilitengenezewa balbu za waya, na huhitaji mzigo wa chini wa wati 40 au zaidi ili zitulie. Ukiziwekea balbu mbili za LED za wati 5, zinatetemeka. Nyingine, hasa za kugusa, haziukati umeme kabisa zikizimwa, kwa hiyo balbu inabaki inang'aa. Hapo inatakiwa dima ya LED pamoja na balbu iliyoandikwa kwamba inakubali dima. Nimeona pia rigileta ya feni ikitumika kama dima. Hiyo haina ufundi wa kuijadili, itolewe.

Linabaki suala la unyevu, na hapa mlima na tambarare havifanani. Mji wa Same uko upande usiopata mvua nyingi, kuta zake ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Ukipanda kuelekea Suji na Chome, chini ya msitu wa Shengena, ukungu na mvua huingia hadi kwenye tofali. Maji yakifika kwenye kiungo cha waya kilichofungwa kwa selotepu ndani ya dari au ukuta, yanaunda njia yenye ukinzani wa megaomu moja hivi. Volti 230 hupitisha hapo miliampia 0.23, karibu sawa na nyaya za banda, na balbu haiwezi kukwambia ni ipi. Kalenda inaweza: mwanga wa nyaya sambamba haubadiliki, wa unyevu huongezeka masika na kupotea kiangazi.

Kwenye kisa hiki kapasita isifungwe, maana itazima mwanga na kuacha kiungo kiendelee kuoza. Fundi atumie mega ya volti 500, balbu zote zikiwa zimetolewa, swichi za taa zikiwa zimewashwa na swichi kuu ikiwa imezimwa. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, nyaya hizo hazifai. Nyaya nzima zilizo kavu huonyesha megaomu mamia, kwa hiyo hata 2 au 3 ni sababu ya kutafuta kiungo kilicholowa. Na kipimo kifanyike Aprili, ukuta ukiwa umelowa. Cha Septemba kitasoma vizuri hata kwenye nyumba inayovuja.