Meseji ya mkopo haikaguliwi neno kwa neno tu

Tuseme kampuni ya mikopo midogo ya Dar es Salaam, yenye leseni halali, inataka kuwatumia wateja meseji hii: "Hongera! Mkopo wako wa Sh 1,000,000 umeshaidhinishwa. Riba asilimia 3 tu, bila dhamana. Tunatambuliwa na Benki Kuu." Aliyeiandika anaweza kutetea kila neno. Hata hivyo, mkaguzi anayeijua kazi yake hawezi kuiruhusu itoke, kwa sababu swali lake ni jingine: mama ntilie akiisoma mara moja, ataelewa nini?

Aanze na riba. Asilimia 3 hapo ni kwa mwezi, na meseji haisemi. Halafu inakokotolewa kwenye milioni nzima mpaka siku ya mwisho: Sh 30,000 kila mwezi kwa miezi 12, yaani riba ya Sh 360,000. Marejesho yanakuwa Sh 113,333 kwa mwezi. Baada ya miezi sita mteja ameshapunguza nusu ya deni, anadaiwa Sh 500,000, lakini bado anatozwa Sh 30,000 kana kwamba milioni yote iko mkononi mwake. Kwa deni lililobaki, hiyo ni asilimia 6. Kama asilimia 3 ingetozwa kwenye salio linalopungua, riba yote ingekuwa kama Sh 205,500 tu.

Kuna na ada. Kampuni inakata asilimia 5 kabla ya kutoa mkopo, hivyo mteja anapokea Sh 950,000 na kurudisha jumla ya Sh 1,360,000. Ukipiga hesabu ya fedha alizopokea na marejesho anayolipa, gharama halisi ni karibu asilimia 6 kwa mwezi, mara mbili ya ile iliyotangazwa. Kuandika kwa herufi ndogo "vigezo na masharti kuzingatiwa" hakuiponyi meseji hiyo. Sharti linalobadilisha maana ya ahadi hukaa jirani na ahadi yenyewe.

Maneno mengine yanakwenda haraka. "Umeshaidhinishwa" si kweli ikiwa afisa mikopo bado atapitia maombi na anaweza kuyakataa. "Bila dhamana" inapotosha ikiwa mteja anatakiwa kuleta wadhamini wawili watakaokabwa akishindwa kulipa. Na leseni ya Benki Kuu ni ruhusa ya kufanya biashara. Haina maana kwamba benki hiyo imeusifu mkopo wenu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na mwaka 2019 zikatoka kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Kwa hiyo kampuni makini hufungua faili la kila tangazo: dai hili, ushahidi wake huu, aliyelipitisha fulani, tarehe. Riba ikibadilika, tangazo la zamani linaondolewa, na picha zake zilizobaki kwenye magrupu ya WhatsApp ya mawakala zinafuatiliwa pia. Hapo ndipo kampuni nyingi hunaswa. Ofisi imeandika vizuri, wakala anayelipwa kamisheni anaongeza lake mdomoni.

Baada ya kukaguliwa, meseji ile ingesomeka hivi: "Omba mkopo wa Sh 1,000,000 kwa miezi 12. Unapokea Sh 950,000, unalipa Sh 113,333 kwa mwezi, jumla Sh 1,360,000. Maombi yatapitiwa kwanza. Wadhamini wawili." Mtu wa masoko atanung'unika kwamba haivutii. Anung'unike. Kama bidhaa haiuziki bei yake ikionekana, basi kinachohitaji marekebisho ni bei.

Kwenye afya kipimo ni kilekile, ila madhara yake ni mazito zaidi. Anayetangaza kwamba majani yake "yanatibu kisukari" anaweza kumfanya mgonjwa aache insulini. Kusajiliwa kwa duka lake hakuthibitishi tiba, na ushuhuda wa mteja mmoja aliyepona hauwezi kusimama mahali pa utafiti. Hata utafiti ukiwepo, unabeba kile kilichopimwa tu: matokeo kwa panya hayawi ahadi kwa binadamu.

Nawe uliyepokea meseji ya mkopo, waulize mambo mawili na wakujibu kwa maandishi: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha jumla ngapi? Kisha litafute jina la kampuni kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni. Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni.