Betri haijaishiwa asidi, imeishiwa maji

"Fundi, betri yangu ya sola inakunywa maji sana, niiongezee asidi kiasi gani?" Naulizwa hivyo Hedaru, naulizwa Makanya, naulizwa Same mjini, na siku hizi naulizwa hata kule juu Suji na Chome. Jibu ni moja: usiongeze hata tone. Aliyekuuzia chupa ya maji makali na kukwambia kwamba betri iliyopungua "imeishiwa nguvu ya asidi" amekuuzia kifo cha betri yako.

Fungua kifuniko cha seli moja mchana, jua likiwa kali na betri imeshajaa. Utaona mapovu madogo yakipanda kati ya pleti. Hiyo si asidi inayochemka. Ni maji yanayogawanywa na umeme kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinatoka kwenye matundu ya vifuniko. Asidi yenyewe haiondoki kwa njia hiyo. Inabaki ndani, au imejificha kwenye pleti kama salfati ya risasi ikisubiri chaji. Kila ampea-saa moja inayoingia kwenye betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa inakula gramu 2 hivi za maji katika seli zote sita kwa pamoja.

Kwa nini betri ya jirani haipungui? Angalia imetengenezwa na nini. Risasi tupu ni laini mno kushika umbo, kwa hiyo wavu unaobeba unga wa pleti huchanganywa na madini mengine. Mchanganyiko wa zamani ni antimoni, ambayo zamani ilifika hata asilimia 10 na leo mara nyingi ni kati ya 1.5 na 3 katika betri za kawaida. Mwingine ni kalsiamu, chini ya sehemu moja katika elfu. Maabara ya Bell ya Marekani ilichapisha utafiti juu yake mwaka 1935, ikitafuta betri za mitambo ya simu ambazo zingekaa miaka bila kuhitaji maji mara kwa mara.

Tatizo la antimoni ni kwamba haitulii ilipowekwa. Wavu wa pleti chanya unaliwa polepole kila betri inapochajiwa, antimoni inayeyuka ndani ya asidi, inasafiri na kwenda kuganda juu ya pleti hasi. Pleti hasi ikiwa safi, haidrojeni hupata taabu kutokea juu yake. Penye antimoni inatoka kirahisi. Hapo hasara ni mbili kwa mpigo. Wakati wa kuchaji, umeme unaishia kutengeneza gesi, na maji yanapungua. Wakati betri imekaa tu, bila taa wala waya, risasi ya pleti hasi inaendelea kuliwa na asidi, haidrojeni inatoka, na chaji inaisha. Kadiri betri inavyozeeka ndivyo antimoni inavyozidi kuhamia huko, na ndiyo sababu betri iliyokuwa ikiomba maji mara chache sasa inaomba kila mwezi. Kalsiamu haigandi kwenye pleti hasi, kwa hiyo haina ugonjwa huu.

Sasa tuifuate asidi ya dukani hatua kwa hatua. Chukua betri ya antimoni ya ampea-saa 100, ya miaka kadhaa, iliyowekwa chini ya bati pale Makanya. Inajaa saa tano asubuhi. Kontrola inashikilia volti 14.4, na kwa joto lile pleti zilizochafuka bado zinavuta ampea 2 hadi saa kumi jioni. Hizo ni ampea-saa 10, yaani gramu 20 za maji kwa siku, gramu 600 kwa mwezi, gramu 100 kwa kila seli. Seli ilikuwa na mililita 800 hivi, na haidromita ilisoma 1.260. Baada ya mwezi mwenye betri anajaza pengo kwa asidi ya 1.280. Badala ya kurudi 1.260, seli iliyojaa chaji sasa iko karibu 1.290. Mwezi wa pili, 1.320. Mwezi wa tatu imefika karibu 1.350, wakati betri nyingi za nchi za joto hujazwa kiwandani karibu 1.240, makusudi, ili pleti zidumu.

Asidi kali namna hiyo katika joto inaharakisha kuliwa kwa wavu. Wavu ukiliwa, antimoni zaidi inatoka, na betri inakunywa maji kuliko mwanzo. Mtu anaona imepungua tena, anakimbilia chupa ileile.

Najua kwa nini watu wanaamini. Ukiongeza asidi, volti inapanda palepale, kama sehemu moja au mbili za kumi, na taa zinawaka vizuri siku chache. Ubaya zaidi ni haidromita: betri iliyojazwa asidi inasoma kwenye rangi ya kijani hata ikiwa na robo tatu tu ya chaji. Umeharibu kipimo ambacho kingekuonya. Asidi inaruhusiwa tu pale iliyokuwemo imemwagika kweli, kwa mfano betri imepinduka kwenye bodaboda njiani kuelekea mlimani, na hapo fundi achaji kwanza ndipo arekebishe.

Basi kila mtu anunue kalsiamu? Hapana. Betri ya kalsiamu ya gari haipendi kukaushwa kila usiku na televisheni na taa. Kati ya wavu na unga wa pleti chanya hutokea tabaka lisilopitisha umeme vizuri, na utashangaa maji yamejaa lakini chaji haikai. Bati likiongezwa kwenye wavu husaidia, lakini kwa kazi ya kukaushwa na kujazwa kila siku antimoni bado ina heshima yake. Kiu ndiyo gharama ya uvumilivu huo. Zipo pia zilizochanganya, antimoni upande wa chanya na kalsiamu upande wa hasi.

Kwa haraka, basi. Soma betri: Ca/Ca ni kalsiamu pande zote, Sb/Ca ni mchanganyiko. Haijaandikwa? Ijaze, itenganishe na kila waya, pima baada ya siku moja na tena baada ya mwezi. Ikiteremka kutoka volti 12.7 hadi 12.4, ni antimoni iliyozeeka au ina seli mbovu. Kwenye kontrola chagua aina sahihi, FLD kwa ya maji, SEL kwa iliyofungwa. Ukiunganisha paneli moja kwa moja kwenye betri, hata kalsiamu haitakuokoa, na iliyofungwa huwezi kuirudishia maji. Ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, baada ya kuchaji, isipokuwa pleti zimeanza kuonekana. Hapo zifunike kwanza kidogo. Maji ya bomba na ya kisima yaache, yana chumvi na klorini. Toa betri chini ya bati, kwa sababu kila nyuzi 10 za joto zinakaribia kuongeza maradufu kasi ya kujimaliza. Betri ya akiba ya antimoni inayokaa Same mjini ichajiwe kila mwezi; ya kalsiamu iliyoko kwenye baridi ya Chome inaweza kungoja miezi mitatu au zaidi.