Barua ya Kuomba Uanachama katika Shirikisho la Wenye Viwanda

Barua ya kuomba uanachama katika chama cha wafanyabiashara hujibu maswali mawili: kampuni imefanya nini, na itakisaidia nini chama. Jibu la pili ndilo huwashinda wengi.

Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania, CTI, lilianzishwa mwaka 1991. Kazi yake kubwa ni kuwasemea wenye viwanda mbele ya serikali, hasa katika mambo ya kodi na ushuru kabla ya bajeti kusomwa Juni. Hoja za namna hiyo hazisimami kwa malalamiko. Husimama kwa takwimu kutoka viwandani. Hapo ndipo hata kampuni ndogo hupata cha kuchangia.

Chukua mfano wa kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida. Mwandishi wake akisema kuwa kampuni "ina uzoefu mkubwa na iko tayari kushirikiana", hajasema kitu. Maneno hayo yanaweza kutumwa hata kwa chama cha wasafirishaji. Afadhali aandike hivi: "Mitambo yetu ina uwezo wa kukamua tani 10 za mbegu kwa siku. Mwaka jana tulikamua tani 1,500, tukapata mafuta tani 400 hivi, na mashudu tuliwauzia wafugaji. Mbegu zilituishia Desemba."

Sentensi hizo zinabeba mengi. Kwa siku 300 za kazi, kiwanda hicho kingeweza kukamua tani 3,000, kwa hiyo kimefanya kazi nusu ya uwezo wake. Baadhi ya waombaji huficha pengo hilo kwa kuutaja uwezo wa mitambo kana kwamba ndio uzalishaji. Ni kosa kubwa. Msomaji makini akilinganisha na hesabu za mwaka, ataona mauzo hayalingani na tani zilizotajwa, na barua nzima itapoteza imani. Tena pengo lenyewe ndilo mchango: kiwanda kinaweza kuahidi kulipatia shirikisho, kila msimu, bei ya mbegu ilivyopanda mwezi hadi mwezi na tarehe mitambo iliposimama. Mwenye kumbukumbu hizo humpa mtetezi wa ushuru wa mafuta yanayoagizwa nje ushahidi wa kuweka mezani.

Mengine ni mafupi. Barua huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, ikiwa na kumbukumbu namba na kichwa cha habari, ikatiwa saini na mkurugenzi wa kampuni. Ukurasa mmoja unatosha. Nakala za cheti cha usajili kutoka BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara na cheti cha ubora cha TBS huwa viambatisho, si maelezo ya ndani ya barua.

Kabla ya kushika kalamu, mwenye kiwanda na afungue kwanza daftari la mizani.