Akidi ya Seva

Data ikikaa kwenye seva moja, siku seva hiyo inapozimika, huduma nayo inasimama. Ikinakiliwa kwenye seva tano linazuka swali gumu zaidi: nakala zikipishana, ishikwe ipi? Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utaratibu uitwao Raft unaolijibu swali hilo kwa kura.

Tuziite seva hizo A, B, C, D na E. A ndiye kiongozi. Mteja anaomba salio lake liandikwe 500. A inaliandika ombi kwenye daftari lake, kisha inawapelekea wenzake. Haimjibu mteja mpaka akidi itimie, yaani seva tatu, yenyewe ikiwa mojawapo, ziwe zimeandika. Tuseme B na C zimeandika, lakini D na E zimechelewa. A inamjibu mteja kwamba ombi limepita. Papo hapo A inazima.

Wafuasi wanaacha kusikia salamu za kiongozi. Kila mmoja husubiri kwa muda uliochaguliwa kibahati, ili wasigombee wote kwa pamoja. Subira ya D inaisha kwanza. Inafungua muhula mpya, inajipigia kura na kuomba za wengine. E inaikubali. B na C zinalinganisha madaftari, zinaona la D liko nyuma ya lao, na zinakataa. D imeambulia kura mbili, haijashinda. Baadaye B inagombea katika muhula unaofuata na kupata kura za C, D na E. Ile 500 imesalimika.

Haikusalimika kwa bahati. Ombi lilipitishwa na seva tatu, na mshindi naye lazima apate kura tatu. Tatu na tatu ni sita, na seva ni tano tu, kwa hiyo angalau seva moja imo katika makundi yote mawili. Hiyo moja inalijua ombi, na haimpi kura mgombea asiyelijua.

Hesabu hiyohiyo hulinda data mtandao unapokatika. A na B zikitengwa upande mmoja, A inaweza kuendelea kujiona kiongozi, lakini haipati mwandishi wa tatu, kwa hiyo haipitishi kitu. C, D na E zinachagua kiongozi wao na kazi inaendelea. Mawasiliano yakirudi, A inakuta muhula mkubwa kuliko wake, inajiuzulu, na maandishi yake ambayo hayakupita yanafutwa.

Kuongeza seva ya nne juu ya tatu hakukuongezei ustahimilivu: akidi inapanda kutoka mbili hadi tatu, na bado unamudu kupoteza moja tu. Raft pia haikukingi na seva inayodanganya; inashughulika na zinazozima au kukatika mawasiliano.

Ukipanga seva tano, basi, usiweke tatu kwenye umeme mmoja. Zikizimika pamoja, mbili zilizobaki hazitapitisha ombi hata moja.