ATM moja au zote? Ritifaa inayopoteza watu kwenye barua pepe

Asubuhi moja fundi wa mashine za benki anafungua barua pepe ya kazi, iliyoandikwa kwa Kiingereza: “ATM's down at the main branch.” Tawi hilo lina mashine nne. Je, iliyoharibika ni moja, au zote? Abebe vipuri vya mashine moja au ajaze gari?

Kwa kanuni, barua inasema ni moja. Hapo 's ni ufupisho wa neno is: ATM haifanyi kazi. Lakini fundi ni mzoefu, anajua jinsi watu wa ofisini wanavyoandika, kwa hiyo inambidi apige simu kuuliza. Kama mwandishi angeandika “ATMs are down”, simu hiyo isingehitajika.

Kanuni yenyewe ni fupi. Wingi wa kifupisho kwa Kiingereza hupatikana kwa kubandika s ndogo mwishoni, bila ritifaa: CVs, ATMs, MPs, NGOs, PINs. Ugumu unatokana na mazoea. Kwa Kiswahili tunasema “CV tatu zimefika” na neno lenyewe halibadiliki hata kidogo. Wingi umebebwa na “tatu” na “zi-”. Anapolazimika kuongeza s, mtu huona herufi kubwa na ndogo zimekaa vibaya pamoja, basi anachomeka alama katikati kuziamulia ugomvi ambao haupo.

Kiswahili hichohicho kinatoa kipimo kizuri. Ukiweza kuigeuza sentensi ikapata “ya”, “cha” au “za” ya umilikaji, ritifaa ina haki yake. “The ATM's screen” ni skrini ya ATM: iache. “The ATMs' screens” ni skrini za ATM kadhaa, na alama imehamia nyuma ya s. Sasa chukua “Attached are the CV's of three applicants.” Ni CV za waombaji, kweli, lakini hiyo “za” tayari imeandikwa kwa neno of. CV zenyewe hazimiliki chochote. Ifute.

Kosa hili lina ukoo wa heshima, tusiwacheke sana wanaolifanya. The New York Times kwa miaka mingi liliandika TV's na 1980's kabla ya kuacha, na zamani, vifupisho vilipokuwa na nukta, M.P.'s ilikuwa ya kawaida.

Hata leo alama hiyo ina mahali inapookoa. Mwanafunzi aliyepata A mbili huandikiwa “two A's” na wengi, kwa kuwa As husomeka kama neno jingine kabisa. Na anayependa kuandika kichwa cha barua pepe kwa herufi kubwa tupu aiache s iwe ndogo: “CVs RECEIVED”. Akiandika CVS, mpokeaji atatafuta kirefu cha herufi tatu.