Mwanafunzi Akiandika "Sensa"

Mwanafunzi wa sekondari ameambiwa atafute kazi ya fasihi inayogusa sensa. Anakaa kwenye kompyuta ya maktaba ya shule, anaandika neno hilo, na skrini inamjibu kwamba hakuna kilichopatikana. Nyuma yake, kwenye rafu, zimepangwa nakala arobaini za Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba ambayo mhusika wake mkuu anatumwa kijijini kuhesabu watu. Kompyuta haina kosa. Aliyeingiza kitabu aliandika jina lake, mwandishi, mchapishaji na mwaka, akaishia hapo. Neno sensa halimo hata mahali pamoja.

Programu za katalogi ya mtandaoni siku hizi si tatizo tena. Koha, iliyoanza kutumika mwaka 2000 katika maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, hutolewa bure, na inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ya shule ikafikiwa na nyingine kwa mtandao wa ndani, hata intaneti ikikatika. Asiye na fundi wa kuisimamia anaweza kutumia TinyCat, ambayo yenyewe iko kwenye intaneti. Kwa mkutubi, rekodi ya kitabu ni fomu yenye nyuga zilizopewa namba kwa utaratibu uitwao MARC: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 520 ni muhtasari, na 650 ni kichwa cha mada, yaani neno linalosema kitabu kinahusu nini. Uga wa 520 na wa 650 ndizo mara nyingi huachwa tupu, na ndizo ambazo zingemfikisha yule mwanafunzi kwenye rafu.

Zinaachwa tupu kwa sababu inayoeleweka. Koha inaweza kuvuta rekodi iliyo tayari kutoka maktaba kubwa za nje: unaandika ISBN, na fomu inajijaza. Kwa kamusi iliyochapishwa Uingereza jambo hili ni raha tupu. Kwa kitabu chenye namba inayoanza na 978-9966 ya Kenya, au 978-9976 na 978-9987 za Tanzania, mara nyingi hakiji kitu, au inakuja rekodi kavu. Tena kwa muda mrefu maktaba kubwa zilizoea kutozipa riwaya na tamthilia kichwa cha mada. Kwao ilitosha kujua kwamba ni hadithi. Kwa hiyo sehemu hii lazima iandikwe pale pale shuleni, kitabu kikiwa mkononi.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, ilimradi usianze kwa kosa la kawaida la kutengeneza rekodi mpya kwa kila nakala. Nakala arobaini za Ngoswe ni rekodi moja yenye namba arobaini za nakala chini yake. Ukizifanya rekodi arobaini, mwanafunzi atakayetafuta tamthilia atafungua kurasa mbili za Ngoswe tupu kabla hajaona kitabu kingine. Maktaba yenye vitabu 1,500, vingi vikiwa vya kiada, inaweza kuwa na majina 300 tu. Kwa dakika kumi kila jina, hizo ni saa hamsini.

Dakika kumi hizo zitumikeje? Maneno ya jalada la nyuma yaache. Yaliandikwa ili kuuza, na "hadithi ya kusisimua" halitafutwi na mtu. Andika maneno kati ya thelathini na hamsini: nani, wapi, anataka nini, kinamkwamisha nini. Mwisho usiutoe.

```
245 $a Ngoswe : $b penzi kitovu cha uzembe
520 $a Ngoswe, karani wa sensa kutoka mjini, anafika
    kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa
    balozi Mitomingi, na kazi ya serikali inaanza
    kulegalega. Tamthilia kuhusu mapenzi, uzembe kazini
    na maisha ya vijijini.
650 _4 $a Sensa
650 _4 $a Uzembe kazini
650 _4 $a Maisha ya vijijini
```

"Kuhesabu watu" limewekwa kwa ajili ya asiyelijua neno sensa. "Tamthilia" lipo kwa sababu mwalimu ndivyo anavyoagiza: leteni tamthilia. Vichwa vya mada ni vitatu tu, na inafaa kuvibania. Maktaba ya Bunge la Marekani ina kanuni kwamba mada isiyochukua walau asilimia 20 ya kitabu haipewi kichwa chake. Ulevi unaguswa katika Ngoswe, lakini mwanafunzi anayeandika insha juu ya ulevi atakasirika akiletewa kila kitabu ambamo mtu amekunywa pombe.

Maktaba ndogo za wasomaji wa Kiingereza zina orodha ya vichwa vya mada iliyoanzishwa na Minnie Earl Sears mwaka 1923. Shule inayotumia Kiswahili hujitengenezea yake. Lililo muhimu katika orodha hiyo ni msimamo: ukiandika "Maisha ya vijijini" leo na "Maisha ya shamba" kesho, umeligawa fungu moja mara mbili.

Hapa kuna shimo ambalo miongozo ya kigeni hailitaji, kwa kuwa lugha zake hazina shida hiyo. Koha ina mpangilio uitwao QueryAutoTruncate unaorefusha neno mwishoni, hivyo anayeandika "shamba" hupata pia "shambani". Lakini Kiswahili hugeuza wingi mwanzoni. Anayeandika "mtoto" haletewi Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, kwa sababu kwa kompyuta mtoto na watoto ni maneno mawili yasiyojuana. Ndivyo ilivyo kwa jino na meno, mti na miti. Dawa yake ni kuugawa mzigo: kichwa cha mada kiwe katika wingi, "Watoto wa mitaani", na muhtasari upitie umoja, "mtoto anayekosa ada na sare". Sentensi moja iliyofikiriwa hivyo inafanya kazi ambayo programu haiiwezi.

Muhtasari haumalizi kila kitu. Chukua Takadini ya Ben Hanson, riwaya ya Kiingereza kuhusu Sekai anayekimbia kijiji chake na mwanawe aliyezaliwa na ualbino. Kichwa cha mada kitakuwa "Watu wenye ualbino". Wanafunzi wataandika albino, maalbino, na wengine zeruzeru, neno la kudhalilisha ambalo hutaki lionekane kwenye rekodi. Ndipo inapofaa orodha ya elekezo:

```
150 $a Watu wenye ualbino
450 $a Albino
450 $a Maalbino
450 $a Zeruzeru
```

Yaliyo kwenye 450 hayaonekani kwenye ukurasa wa kitabu, bali humpeleka mtafutaji panapostahili. Lakini kwanza washa mpangilio wa IncludeSeeFromInSearches, ambao Koha huja nao umezimwa, kisha uitake programu itengeneze upya faharasa yake. Wengi hujaza 450 kwa bidii halafu wakashangaa haifanyi kitu. Jaribu kwa kuandika albino wewe mwenyewe. Takadini isipotokea, hatua mojawapo umeiruka. Njia hii hii inaunganisha "Usanisinuru" na `photosynthesis`, maana mwanafunzi wa sekondari ya Tanzania amesoma msingi kwa Kiswahili na sasa anafundishwa kwa Kiingereza.

Ni maneno gani ya kuongeza, hayo hukisiwi mezani. Weka daftari kando ya kompyuta, na kila asiyepata kitu aandike neno alilolitafuta, bila jina lake. Utakuta "hedhi" na "siku za mwezi", wakati vitabu vyako vimekaa chini ya "Afya ya uzazi". Utakuta "ukatiri" kwa ukatili. Wakutubi wengine hukataa kuingiza kosa la tahajia katika katalogi. Mimi ningeliweka kwenye 450 likishajirudia mara tatu, kwa kuwa halitaonekana na mtu, na kitabu kitapatikana.